Usiguse Mpaka Nije

Somo hili lina hadithi ya ndugu wawili, Petro na dada yake Agnesi. Soma kimya kwanza. Kisha msomeane kwa sauti darasani, mmoja asome maneno ya Petro na mwingine maneno ya Agnesi. Ukifika penye ujumbe wa simu, usiukimbilie. Usome kama ulivyoandikwa.

Shamba la Mzee Mkumbo

Mzee Mkumbo alikuwa mkulima wa Iramba, katika Mkoa wa Singida. Alilima mtama na alizeti. Shamba lake lilikuwa la eka 6, kutoka barabarani mpaka kwenye korongo. Upande wa mashariki alipakana na Mzee Daudi. Katikati yao palikuwa na mstari wa minyaa. Minyaa mingine ilikuwa imekauka, na mahali pengine palibaki visiki tu.

Mzee Mkumbo alifariki mwezi wa pili. Aliacha watoto wawili. Agnesi ndiye mkubwa. Aliolewa, naye anaishi Dodoma mjini, ambako anapika na kuuza chakula. Petro ni mdogo wake. Alibaki kijijini, akamwuguza baba yao mpaka siku ya mwisho.

Siku ya kuanua matanga palitokea maneno.

Agnesi alisema, "Shamba tugawane sawa kwa sawa. Eka 3 zako, eka 3 zangu."

Petro akajibu, "Dada, wewe umeolewa. Una shamba kwa mume wako. Mimi nimelima hapa miaka 15. Nikikupa eka 3, watoto wangu watakula nini?"

Wazee wakawatuliza. Mambo mawili yakakubaliwa siku ile. La kwanza, Petro aendelee kulima shamba lote mpaka ndugu hao wakae tena na kuzungumza. La pili, jembe la ng'ombe la baba, ambalo lilikuwa limechakaa, liuzwe. Pesa yake ilipe deni la shilingi 45,000 lililobaki dukani kwa ajili ya mazishi.

Agnesi akarudi Dodoma. Moyoni hakuridhika. Petro naye hakuridhika.

Ujumbe wa kwanza

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi Agnesi alimwandikia mdogo wake ujumbe kwa simu:

*Petro vipi lile shamba la baba mbona kimya*

Siku hiyo simu ya Petro haikuwa na chaji. Aliuona ujumbe baada ya siku nne. Asubuhi ileile mtu wa kijiji cha pili alikuja kuliangalia jembe. Wakapatana shilingi 70,000. Mtu yule akalibeba jembe akaenda zake. Petro alifurahi, maana sasa deni la dukani lingelipwa. Akakaa chini ya mti, akaandika herufi moja moja:

*Shikamoo dada. Nimepata mtu. Nimeliuza. Pesa ninayo. Petro*

Dodoma, Agnesi alikuwa anageuza chapati. Akafuta mikono, akasoma. Akasoma mara ya pili. Akakaa chini.

Yeye aliuliza habari za shamba. Mdogo wake anamjibu, "Nimeliuza." Kwa Agnesi, hapo hapakuwa na la kufikiri. Shamba la baba limekwenda.

Akampigia Petro simu papo hapo. Haikupatikana. Kijiji kile kina sehemu chache zenye mtandao, na Petro alikuwa ameshaondoka pale chini ya mti.

Ujumbe wa pili

Agnesi aliandika kwa hasira, na mtu mwenye hasira haweki nukta:

*Umefanya nini petro mali ya baba ni yetu sote usiguse mpaka nije*

Sasa twende kwa Petro. Siku ile mchana alikuwa shambani, upande wa mashariki. Alikuwa amekata vipande vya minyaa mzigo mzima. Alitaka kuipanda pale ilipokauka, kabla ya mvua. Mzee Daudi alikuja akamwambia, "Petro, mstari huo umepinda. Baba yako na mimi hatukuwekeana hivyo." Wakabishana kidogo, kisha wakaachana.

Jioni Petro akapanda mlimani kutafuta mtandao. Ujumbe ukaingia. Petro alisomea darasa la watu wazima, na husoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata. Akasoma: *usiguse mpaka*. Hapo kidole kikasimama.

Mpaka! Dada yuko Dodoma. Amejuaje habari za mpaka? Nani kampelekea habari, na jambo limetokea mchana huuhuu? Petro akakumbuka kwamba mke wa Mzee Daudi na Agnesi ni mashoga tangu utotoni. Akajisemea, "Kumbe wanazungumza. Kumbe dada yuko upande wao." Neno la mwisho, *nije*, akalielewa kwamba dada anataka kuja kuamua jambo la mpaka mwenyewe.

Akajibu:

*Sawa dada. Mpaka sitagusa. Ukitaka njoo. Lakini umenivunja moyo. Petro*

Ujumbe huo ulikuwa na neno ambalo lingewafungua macho wote wawili. "Mpaka sitagusa." Lakini Agnesi hakulitazama neno hilo. Alitazama "Ukitaka njoo." Petro aliandika kwa maana ya kumkaribisha. Agnesi alisikia mtu anayemtunishia kifua: njoo, tuone utanifanya nini.

Akaandika mara ya mwisho:

*Hiyo pesa sitaki hata senti tutaonana baraza*

Baada ya hapo Petro alipopiga simu, Agnesi hakuipokea.

Mvua

Vipande vya minyaa vilikaukia palepale Petro alipoviweka. Hakupanda hata kimoja. Aliambiwa asiguse, naye hakugusa.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaanza. Mzee Daudi akaleta ng'ombe na jembe. Alipofika kwenye mstari wa zamani hakusimama. Jembe liling'oa visiki vya minyaa vilivyokauka, likasonga mbele. Petro aliona. Akaumia, akanyamaza. Alidhani dada yake ameruhusu.

Agnesi alipata nauli ya kutosha baada ya wiki tatu. Akafika kijijini, na hakwenda kwa Petro. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa Kijiji, akalalamika kwamba mdogo wake ameuza shamba la urithi. Mwenyekiti akampeleka kwa Baraza la Ardhi la Kijiji.

Barazani

Baraza hilo limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Halimfungi mtu, wala halimlazimishi mtu kukubali. Asiyeridhika anaweza kwenda mbele, kwenye Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Agnesi alisimama, akaeleza. Mjumbe mmoja mama, mwalimu mstaafu, akamwuliza, "Aliyenunua shamba ni nani?"

"Simjui. Petro ndiye anayemjua."

Petro akaruka. "Shamba? Shamba gani? Mimi sijauza shamba!"

"Umeandika mwenyewe! Ninao ujumbe hapa!"

"Usome," akasema yule mama. "Soma kwa sauti."

Agnesi akasoma: "Shikamoo dada. Nimepata mtu. Nimeliuza."

"Ni kweli," Petro akasema. "Nimeliuza. Jembe la baba. Si tulikubaliana? Nimelipa deni la dukani 45,000. Zimebaki 25,000, nimezifunga kwenye kitambaa nyumbani. Ulisema huzitaki."

Watu wakakaa kimya. Agnesi akautazama tena ule ujumbe. Ndani yake hapakuwa na neno shamba. Hapakuwa na neno jembe pia.

Yule mama akasema, "Petro, nawe usome ulichoandikiwa." Petro akasoma polepole: "Usiguse mpaka." Akatua. "Nije."

"Sikuandika hivyo!" Agnesi akasema. "Niliandika usiguse, mpaka nije! Yaani unisubiri."

"Basi habari za mpaka wa Mzee Daudi hukuzijua?"

"Mpaka wa Mzee Daudi una nini?"

Hapo wajumbe walisimama, wakaenda wote shambani.

Hatua tisa

Mstari wa minyaa haukuwapo tena, lakini jembe haling'oi kila kitu. Karibu na barabara kilibaki kisiki kimoja. Upande wa korongo palikuwa na jiwe ambalo Mzee Mkumbo alilizika zamani, na wazee wawili waliokuwapo siku ile walilitambua. Wakavuta kamba kutoka kwenye kisiki mpaka kwenye jiwe. Kutoka kwenye kamba hadi mwisho wa alizeti ya Mzee Daudi, mjumbe mmoja alihesabu hatua 9. Urefu wa mpaka wote ulikuwa hatua 140.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Hatua 140 mara hatua 9 ni 1,260. Vijijini eka moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa hatua 70, yaani 4,900. Robo ya eka ni 1,225. Kwa hiyo robo eka nzima, na zaidi kidogo, ilikuwa imeliwa.

Mzee Daudi alisema, "Nilimwona Petro amekata minyaa, halafu akaiacha ikauke. Hakuja kunizuia nilipolima. Nikajua amekubali maneno yangu." Sisemi kwamba alisema kweli yote. Lakini ukimya wa Petro ulimpa nafasi.

Alizeti ilikuwa imefika magotini. Baraza lilishauri Mzee Daudi aivune msimu ule, kisha ardhi irudi. Minyaa ipandwe sasa hivi kwenye mstari wa kamba, hatua moja moja, pande zote mbili zikishuhudia. Mzee Daudi alinung'unika, mwisho akakubali. Mapatano yakaandikwa, wakatia sahihi. Agnesi na Petro walipanda minyaa siku hiyohiyo. Yeye alichimba, mdogo wake akashindilia udongo. Hawakuzungumza sana.

Jambo lililobaki

Msidhani ugomvi wa eka 3 uliisha pale. Jioni ulirudi. Petro alisema tena, "Dada, wewe umeolewa." Safari hii katibu wa baraza alikuwapo, akamjibu kwamba Sheria ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria.

Petro akauliza, "Na miaka 15 niliyolima, haihesabiwi?"

Ni swali la haki. Katibu akamwambia kwamba hilo ni jambo la kuzungumza kwenye kikao cha ukoo. Lakini kwanza mirathi ifunguliwe. Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuliuza wala kuligawa, si Petro wala Agnesi. Njia yake ni hii: wapate cheti cha kifo cha baba yao, ukoo ukae na kumpendekeza mtu wa kusimamia mirathi, muhtasari wa kikao uandikwe, kisha mtu huyo aende Mahakama ya Mwanzo kuomba kuteuliwa. Akishateuliwa, hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia warithi, na hutoa hesabu mahakamani. Wengine hudhani msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mali. Sivyo. Yeye ni mtumishi wa warithi.

Agnesi alirudi Dodoma. Baada ya wiki mbili alipata ujumbe huu:

*Shikamoo dada Agnesi. Kikao cha ukoo kitafanyika Jumamosi tarehe 20, saa 4 asubuhi, nyumbani kwa baba mkubwa. Ukoo unataka wewe uwe msimamizi wa mirathi. Mimi bado sijakubali. Njoo tuzungumze. Nakukaribisha kwa moyo mweupe. Mdogo wako, Petro.*

Agnesi akapiga simu. Petro akapokea.

Tuutazame tena ujumbe wao

Chukua neno *nimeliuza*. Lina vipande vinne: ni-me-li-uza. Kipande *ni* ni mimi. Kipande *li* ni kitu kilichouzwa. Ni kitu gani? Shamba: nimeliuza. Jembe: nimeliuza. Godoro, gunia, bati, gari: yote ni nimeliuza. Kipande hicho kidogo humtosha mtu aliyekaa nawe, anayekiona kitu. Aliye mbali hujaza kitu kilichomo akilini mwake. Petro alikuwa na jembe akilini, Agnesi alikuwa na shamba. Kama Petro angeandika, "Nimeuza jembe la ng'ombe la baba kwa shilingi 70,000," pasingekuwa na kesi. Hata kama angesahau kutaja jembe na kuandika bei tu, Agnesi angeshtuka na kuuliza. Nani auze eka 6 kwa shilingi 70,000?

Neno *mpaka* lina maana mbili. Mpaka ni mwisho wa shamba. Mpaka pia ni hadi. Tunaposema kwa mdomo, sauti hutua mahali pake na maana hujulikana. Kwenye maandishi, nukta na mkato ndiyo sauti. Angalia:

*Usiguse, mpaka nije.*

*Usiguse mpaka. Nije?*

Maneno ni yaleyale matatu. Ukiona shaka, usitegemee mkato peke yake, maana wengine hawausomi. Taja kitu chenyewe: "Usiguse shamba mpaka nifike." Neno *shamba* likiingia pale katikati, maana ya pili inaondoka. Au tumia neno *hadi*, ambalo si jina la mwisho wa shamba.

Tena, Petro alirudisha maneno aliyoyasoma: "Mpaka sitagusa." Kurudisha maneno hivyo ni desturi nzuri, kwa sababu mwenzako huona umeelewa nini. Lakini hufaa pale tu mwenzako anaposoma ujumbe wote. Agnesi alisoma kipande kilichomchoma, akaacha kilichobaki.

Maneno mapya

Kuanua matanga: kumaliza siku za msiba.
Korongo: mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua.
Muhtasari: maandishi mafupi ya yaliyosemwa na kukubaliwa kikaoni.
Mirathi: mali iliyoachwa na marehemu, na shughuli ya kuigawa.

Maswali

1. Agnesi aliposoma "Nimeliuza," kwa nini alifikiri ni shamba? Kwa nini hakukumbuka jembe?

2. Petro aliona jirani akivuka mpaka, akanyamaza. Wewe ungefanya nini siku ile?

3. Eneo lina urefu wa hatua 140 na upana wa hatua 35. Ni sawa na eka ngapi?

4. Jadilianeni darasani: miaka 15 aliyolima Petro ihesabiweje katika kugawana? Msikilizeni kila mmoja kabla ya kujibu.

5. Soma ujumbe huu: *Nimeipata nitaileta kesho usimwambie mpaka aje.* Andika vitu vitatu ambavyo "nimeipata" yaweza kutaja. Kisha uandike ujumbe wote upya, ili mtu aliye mbali aelewe ni kitu gani, ni nani asiambiwe, na ni nani atakayekuja. Mpe jirani yako darasani ausome, naye akueleze alivyoelewa.